Pole kwa Mwenzako wa Kazini

Msikilizaji, leo nataka tuzungumze juu ya ujumbe ambao karibu kila mtu mzima ameshauandika, na wengi wetu tunauandika haraka haraka tukiwa njiani: ujumbe wa pole kwa mwenzetu wa kazini aliyefiwa. Nitachukua ujumbe mmoja tu, niusome kama ulivyoandikwa, halafu tuupitie kipande kwa kipande mpaka ufanane na mtu aliyeuandika na mtu anayeandikiwa.

Aliyeuandika ni kijana anayefundisha shule ya msingi Morogoro. Mwalimu mwenzake, dada anayekaa naye meza moja kwenye ofisi ya walimu, alifiwa na mama yake huko Mpwapwa. Kijana alinijia na simu mkononi akasema, "Shikamoo mama. Naomba unisomee kabla sijatuma. Naona umekaa vizuri, lakini haunigusi hata mimi niliyeuandika."

Ujumbe wenyewe ulikuwa huu:

"Ndugu mwalimu, nimepokea kwa mshtuko na masikitiko makubwa taarifa za kifo cha mama yako mpendwa. Kwa niaba ya walimu na wafanyakazi wote wa shule yetu, na kwa niaba yangu binafsi, natoa salamu za rambirambi kwako, kwa ndugu, jamaa na marafiki wote walioguswa na msiba huu mzito. Sote tulimpenda, lakini Mungu amempenda zaidi. Kazi ya Mungu haina makosa. Jikaze, huu si wakati wa kulia bali wa kumshukuru Mungu kwa maisha yake. Tuko pamoja nawe katika kipindi hiki kigumu, na ukihitaji lolote usisite kutujulisha. Mwenyezi Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema peponi. Amina."

Huwezi kusema kuna tusi humo, wala kosa la lugha. Kila sentensi umeshaisikia, tena mara nyingi, na mwalimu yule aliyefiwa naye ameshaisikia. Siku hiyo hiyo simu yake itapokea ujumbe wa namna hii kutoka kwa jirani, kutoka kwa wenzake wa kwaya, kutoka kwa watu aliosoma nao chuo. Atausoma mstari wa kwanza, ataona unafanana na uliotangulia, ataandika "Asante" na kupita.

Lugha hii haikuanzia kwenye simu. Sisi watu wa redio tunaifahamu, maana kwa miaka mingi, tangu enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, tumesoma matangazo ya vifo hewani. Fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, mazishi yatafanyika mahali fulani, habari ziwafikie fulani na fulani popote walipo. Tangazo lile lilikuwa na kazi, na kila neno lake lilibeba mzigo. Ndugu aliyekuwa mbali na kijijini alijua nani amefariki, anazikwa wapi, na kama bado atawahi kufika. Lugha ya aina hiyo tunaisikia pia kutoka Ikulu. Ajali ikiua watu wengi, Rais humtumia mkuu wa mkoa salamu za rambirambi, na mkuu wa mkoa huzifikisha kwa wafiwa. Pale anayezungumza ni taifa na wanaoambiwa ni wengi, kwa hiyo urasmi una mahali pake.

Lakini kijana wetu hatangazi kifo, na wala si serikali. Anamwandikia dada mmoja ambaye jana aliazima chaki yake. Dada huyo anajua tayari kwamba mama amefariki, na anajua kuliko mtu yeyote. Kwa hiyo ujumbe huu hauhitaji kumpa habari. Unahitaji kumwonyesha kwamba mtu anayemfahamu amesimama, akamfikiria yeye na mama yake, na kwamba kuna jambo moja atampunguzia.

Tuanze na mstari wa kwanza. Nilimwuliza kijana, "Ulishtuka kweli?" Akafikiri kidogo. "Hapana, mama. Alikuwa anaumwa tangu Pasaka. Dada alikuwa anaomba ruhusa kila baada ya wiki mbili aende kumwuguza." Basi neno mshtuko halina ukweli, na anayeandikiwa anajua halina ukweli, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiomba ruhusa hizo, na wewe ndiye uliyekuwa ukiona kiti chake kitupu. Ukianza na jambo ambalo si kweli, hata yale ya kweli yanayofuata yatasomwa kwa jicho hilo hilo. Isitoshe, sentensi ile inaanza na aliyeandika: nimepokea, nimeshtuka, nimesikitika. Mfiwa anakuja mwishoni. Tuliifuta yote, tukaweka pole mbele: "Dada yangu, pole sana kwa kufiwa na mama."

Hapo pia tulikubaliana kwamba mama aitwe mama. Utafika wakati ambapo watu wote watamwita marehemu, kanisani, kaburini, kwenye wasifu. Siku ya kwanza, kwa binti yake, bado ni mama.

Kipande cha pili ni kile cha "kwa niaba". Nilimwuliza kama mwalimu mkuu alimtuma. Hakumtuma. Mwalimu mkuu ataandika barua ya shule kwa wino wake na mhuri wake, na barua hiyo itasomwa msibani pamoja na salamu nyingine za rambirambi. Hiyo ndiyo sauti ya ofisi, na inatosha. Mwenzako wa meza moja akijificha nyuma ya walimu na wafanyakazi wote, anayeandikiwa hamwoni tena. Tukaondoa niaba, na pamoja nayo tukaondoa ndugu, jamaa na marafiki, kwa sababu hao hawatausoma ujumbe huu. Unasomwa na mtu mmoja.

Kipande cha tatu ndicho kigumu, na nakuomba msikilizaji tukae nacho kidogo. "Mungu amempenda zaidi. Kazi ya Mungu haina makosa." Mimi ni mtu wa imani na sina ugomvi na maneno haya. Swali langu ni nani anayasema. Mfiwa akiyasema mwenyewe, ameegemea imani yake na amepata mahali pa kushika. Mtu mwingine akimwambia mfiwa, maana yake inabadilika, inakuwa: usilalamike. Unamfunga mdomo mtu ambaye huenda usiku huo anamwuliza Mungu maswali makali, na anayo haki ya kuyauliza.

Wasomaji wa Biblia mnamkumbuka Ayubu. Maneno yake mashuhuri ya kukubali kwamba Mungu ndiye anayetoa na ndiye anayetwaa aliyasema yeye mwenyewe, mwenye msiba. Hakuambiwa na jirani. Rafiki zake watatu walipofika, walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, kwa sababu waliona jinsi maumivu yake yalivyo makubwa. Mpaka hapo walikuwa rafiki wazuri. Waliharibu walipofungua midomo na kuanza kumweleza kwa nini Mungu amefanya alichofanya. Mwisho wa kitabu, Mungu mwenyewe anawakemea. Ni fundisho la zamani sana, na bado tunalisahau kila msiba unapotokea: usimfafanulie mfiwa msiba wake.

Kwa sababu hiyo hiyo tukaifuta "jikaze". Neno hili tunalitumia kwa upendo, na wanaume wanaambiwa hata zaidi, kwamba wajikaze kiume. Lakini fikiria dada yule alipo. Amefika Mpwapwa usiku. Anaulizwa sanda iko wapi, jeneza linunuliwe wapi, maturubai yaagizwe mangapi, wageni kutoka mjini watalala kwa nani. Amejikaza kutwa nzima bila kuambiwa na mtu. Dakika moja aliyopata ya kukaa na simu yake pembeni ndiyo dakika pekee anayoweza kulia, na wewe unamwambia huu si wakati wa kulia. Wakati wake ni upi basi?

Kipande cha nne ni "ukihitaji lolote usisite kutujulisha". Hapa nia ni njema kabisa, tatizo ni kazi anayoachiwa mfiwa. Unamwambia akae, afikirie anahitaji nini, achague nani wa kumwomba, ashinde aibu ya kuomba, aandike. Hatafanya hivyo. Nilimwuliza kijana, "Dada huyu akiwa huko Mpwapwa, ni jambo gani la kazini litakalomkosesha usingizi?" Alijibu bila kufikiri: "Darasa la sita. Anafundisha Hisabati, wako kwenye sehemu, na anaogopa wasibaki nyuma. Halafu wiki ijayo ni zamu yake."

Basi jibu lilikuwa pale pale. Kijana anafundisha Hisabati darasa la tano na anazijua sehemu. Azimio la kazi la dada lipo kwenye droo ya meza yao, na mwalimu wa taaluma anaweza kubadilisha ratiba kwa siku chache. Nikamwambia asiandike kwanza. Aende shuleni, aongee na mwalimu wa taaluma, ahakikishe inawezekana, ndipo aandike. Alirudi saa kumi. Vipindi amevichukua yeye, na zamu ameichukua mwalimu mwingine. Sasa alikuwa na kitu cha kusema, na kilikuwa kimeshafanyika. Ahadi unayompa mfiwa iwe ndogo na ya hakika, maana ahadi kubwa isiyotimia ataikumbuka kwa muda mrefu kuliko msaada.

Kipande cha tano, dua, tuliiacha ibaki. Watu wengine wakiambiwa waandike maneno mepesi ya kweli hudhani lazima waondoe dini. Sivyo. Kwetu hapa pole bila dua husikika kama imekatwa katikati. Tuliibakiza moja, fupi, mwishoni, na tukaongeza walio hai ndani yake, kwa sababu baba wa dada yule bado yupo, amebaki peke yake kwenye nyumba.

Kikabaki kitu kimoja ambacho ujumbe wa kwanza haukuwa nacho hata kidogo, nacho ni mama mwenyewe. Nilimwuliza kijana anakumbuka nini juu yake. "Sijawahi kumwona, mama." Hapo ndipo wengi wanakata tamaa na kurudi kwenye "mama yako mpendwa". Lakini mtu wa kazini anawajua wazazi wa mwenzake kwa njia nyingine, kupitia simulizi, kupitia simu zinazopigwa saa ya chai, kupitia vitu vinavyoletwa. Nilimwuliza, "Dada akitoka likizo huleta nini?" Uso ukafunguka. "Karanga! Mfuko mzima, tunakula ofisi nzima. Alituambia mama yake hukaanga kwa mchanga ili zisiungue." Kila anayetoka Dodoma anajua karanga za kukaanga kwa mchanga, jinsi zinavyoiva sawasawa na ganda lake la ndani linavyotoka kwa kusugua kwa viganja. Mama ambaye kijana hakumwona hata siku moja alikuwa amemlisha kwa mikono yake. Hilo ni jambo la kweli, ni la mama huyu tu, na hakuna mtu mwingine angeweza kuliandika isipokuwa watu wa ofisi ile.

Sasa sikiliza ujumbe uliotumwa:

"Dada yangu, pole sana kwa kufiwa na mama. Najua ulivyohangaika naye tangu Pasaka. Sikujaliwa kumwona, lakini karanga zake nimezila kila ulipotoka likizo, na ulivyotuambia kwamba alikuwa akizikaanga mwenyewe kwa mchanga, nikawa namwona kama mama ninayemfahamu. Vipindi vyako vya darasa la sita nimevichukua mimi, naendelea na sehemu pale ulipoishia, na zamu yako imepata mtu. Walimu watatu tutakuja kuzika Jumamosi. Usijisumbue kujibu. Mungu ampumzishe mama kwa amani, akutie nguvu wewe na baba."

Si mfupi sana kuliko ule wa kwanza. Tofauti yake ni kwamba kila sentensi ina mtu, mahali au kitendo. Na sentensi ile ya "usijisumbue kujibu" usiidharau. Mfiwa hujiona ana deni kwa kila aliyemwandikia, na deni hilo linamlemea. Ukimsamehe mapema, umempa pumziko dogo.

Najua utauliza: na kama sikumbuki chochote, wala sina karanga? Usibuni. Andika mistari miwili: pole kwa kufiwa na baba, nimekufikiria leo, Mungu akutie nguvu. Ujumbe mfupi wa kweli haumwaibishi mtu. Usijaze nafasi kwa maswali, hasa lile swali letu la "alikuwa anaumwa nini?" Mfiwa amelijibu tangu asubuhi, na kila akilijibu anarudi kwenye kitanda cha hospitali. Akitaka kukueleza, atakueleza mwenyewe. Na kama aliyefariki ni mtoto, usimwambie mzazi kwamba ni kijana bado, atapata mwingine. Yeye analia kwa ajili ya huyu.

Ukiandikia mwenzako Mwislamu, angalia mambo ya wakati. Mazishi mara nyingi hufanyika siku ile ile, kwa hiyo unaposoma habari huenda ameshazika. Badala ya kuahidi kuja mazishini, mwambie utakuja kumpa mkono wa pole nyumbani, au utakuwapo kwenye hitma. Dua iwe ile anayoitumia yeye, Mwenyezi Mungu amrehemu, amsamehe. Na kama ni dada aliyefiwa na mume, atakaa eda miezi minne na siku kumi, basi usimwulize anatoka lini.

Wewe uliye bosi una tahadhari ya peke yako. Ujumbe wako utasomwa mara mbili, mara ya kwanza kama pole na mara ya pili kama barua ya ofisi. Usitaje tarehe ya kurudi kazini. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya malipo ya angalau siku 4 anapofiwa na mtoto, mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Hiyo ni haki yake, haitolewi kama zawadi kwenye ujumbe wa pole. Mambo ya fomu mwachie ofisa utumishi ayamalize na mtu mwingine wa ofisini, siku nyingine. Vivyo hivyo na mchango. Rambirambi ya fedha itumwe, na itumwe mapema kwa sababu gharama za msiba hazisubiri, lakini hesabu ya nani ametoa kiasi gani isiingie kwenye ujumbe ule ule unaomtaja mama yake.

Neno la mwisho ni juu ya kundi la ofisi kwenye simu. Mmoja akiandika "Poleni sana, apumzike kwa amani", wengine wananakili hivyo hivyo mpaka jioni. Ni sawa kuandika pale, kwa sababu ukinyamaza watu wataona. Lakini hiyo uihesabu kama umetoa salamu mlangoni. Pole yenyewe mtumie mtu peke yake, kwenye namba yake. Na matanga yakishaisha, siku ambazo simu yake imenyamaza na amerudi kwenye meza yake, mwandikie tena mstari mmoja, umtaje mama yake. Siku hizo hapati ujumbe mwingi.

Kabla hujatuma, fanya jaribio hili moja. Soma ujumbe wako, halafu fikiria unamtumia mtu mwingine, mwenye msiba mwingine, wilaya nyingine. Ukiona unamfaa bila kubadilisha neno, bado hujamwandikia mwenzako. Rudi, tafuta jambo moja lake, na kazi moja utakayomfanyia, uviandike kwa maneno yale yale unayozungumza naye mnapokunywa chai. Kama kuna mwenzako aliyefiwa juma hili na hujamwandikia kwa sababu hukupata maneno makubwa, usiyatafute. Mwandikie leo.